Pampu mbili, kilele kimoja: kisa cha sifuri 3,896

Jengo lina ghorofa saba, liko Dar es Salaam, na maji yake yanatoka kwenye tanki la chini ya ardhi kwenda tanki la juu ya paa. Kazi hiyo inafanywa na pampu mbili zilizokaa bega kwa bega kwenye msingi mmoja wa zege. Wapangaji wa ghorofa ya kwanza walilalamika kwamba asubuhi kuna mvumo unaopanda na kushuka, "kama mtu mkubwa anapumua ukutani." Mchana hawausikii. Nilipewa kazi ya kujua mashine ipi ina tatizo, na nikapewa fundi wa pampu, mzee aliyeshika spana kabla mimi sijazaliwa.

Kisa hiki ni cha kosa langu. Niliandika programu ya kugeuza mtikisiko kuwa spektra, yaani orodha ya mistari inayoonyesha nguvu ya mtikisiko kwa kila masafa, programu ikafanya kazi yake sawasawa, na bado nikatoa jibu lililofanya watu wafungue mashine isiyostahili kufunguliwa. Kosa lilikuwa kwenye maana niliyoipa hatua moja ndogo: kujaza sifuri.

Vifaa vilikuwa vya kawaida. Kihisi mtikisiko cha ADXL345 nilikigandisha kwenye msingi wa zege katikati ya pampu mbili, kikisoma mara 200 kwa sekunde. Mota za namna hii kwenye umeme wa 50 Hz zina kasi ya juu ya kinadharia ya mizunguko 3,000 kwa dakika, na zikibeba mzigo hubaki nyuma kidogo. Kibati cha pampu namba moja kilisema 2,890, cha namba mbili 2,920. Mizunguko 2,890 kwa dakika ni kama 48.2 kwa sekunde, na 2,920 ni kama 48.7. Kusoma mara 200 kwa sekunde kunaonyesha masafa yote chini ya 100 Hz, kwa hiyo tulichokitafuta kilikuwa ndani ya eneo. Hifadhi ya muda kwenye saketi yangu ilibeba masomo 200 tu, yaani sampuli za sekunde moja kamili. Sikuona ubaya wowote.

Kwanza programu yenyewe, maana sehemu ya kisa imo humo. Kupata spektra kwa njia ya moja kwa moja, kila mstari wa spektra unahitaji uzidishe kila sampuli kwa wimbi la mstari huo kisha ujumlishe. Sampuli 4,096 zinakupa mistari 4,096, na kila mstari una mazidisho 4,096: jumla 16,777,216. Njia ya haraka, FFT, inatumia ujanja uliochapishwa na Cooley na Tukey mwaka 1965, ingawa Gauss alikuwa ameshaufikia karibu mwaka 1805 akihesabu njia za sayari ndogo kwa mkono. Unazigawa sampuli kwa zamu, zenye namba shufwa upande huu na zenye namba witiri upande ule. Unatafuta spektra ya kila nusu, kisha unaziunganisha. Na kila nusu unaitafutiaje spektra? Kwa njia ile ile: unaigawa tena. Programu inajiita yenyewe mpaka inabaki sampuli moja, na spektra ya sampuli moja ni sampuli yenyewe.

```python
import cmath

def fft(x):
    n = len(x)
    if n == 1:
        return x
    e = fft(x[0::2])
    o = fft(x[1::2])
    y = [0] * n
    for k in range(n // 2):
        w = cmath.exp(-2j * cmath.pi * k / n)
        t = w * o[k]
        y[k] = e[k] + t
        y[k + n // 2] = e[k] - t
    return y
```

Siri iko kwenye mistari miwili ya mwisho ya kitanzi. Zao la `w * o[k]` linatumika mara mbili, kwa kujumlisha na kwa kutoa, kwa hiyo zidisho moja linalisha mistari miwili ya spektra. Ukiwa na sampuli 4,096 unagawa mara 12 kufika kwenye moja, na kila ngazi ina mazidisho 2,048. Jumla ni 24,576, badala ya milioni karibu 17. Hata kwa Paitoni tupu kwenye laptopu ya kizamani jibu linatoka kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe.

Tuitazame ikifanya kazi kwa namba ndogo. Chukua sampuli nne za wimbi linalozunguka mara moja: 1, 0, −1, 0. Shufwa ni 1 na −1, witiri ni 0 na 0. Spektra ya shufwa ni jumla na tofauti yake, yaani 0 na 2. Spektra ya witiri ni 0 na 0. Ukiunganisha unapata 0, 2, 0, 2. Mstari wa 1 una 2, ambalo ndilo wimbi letu, na mstari wa 3 ni kivuli chake cha upande wa pili, kama ilivyo kwa kila ishara ya namba halisi. Mstari wa 0 ni sifuri kwa sababu jumla ya sampuli zote ni sifuri. Ukiuelewa mfano huu wa namba nne, umeielewa programu nzima. Tutaurudia baadaye.

Nilipoipa programu hii masomo yangu 200 ya asubuhi ya kwanza, haikulalamika. Ilitoa mistari 200, nikachora. Kwa bahati nilikuwa nimezichapisha namba zenyewe pia, na macho yangu yakanasa kitu: mstari wa 24 ulikuwa sifuri. Si namba ndogo, sifuri kabisa. Wa 49 pia. Wa 74 na wa 99 vivyo hivyo. Kihisi cha kweli kilichobandikwa kwenye zege la kweli hakikupi sifuri kavu mahali popote. Daima kuna takataka kidogo.

Ukizifuata hatua za kugawa, sababu inajionyesha. Mia mbili inagawika kuwa 100, kisha 50, kisha 25, na hapo ndipo panapovunjika. Sampuli 25 zikigawanywa kwa zamu zinatoa shufwa 13 na witiri 12. Kitanzi kinazunguka mara 12, kinajaza nafasi 24, na nafasi ya mwisho inabaki na ile sifuri niliyoiweka mwanzo. Ngazi za juu zikiunganisha, sifuri hiyo inanakiliwa kila baada ya mistari 25. Mistari mingine nayo si sahihi, kwa sababu kanuni ya kuunganisha inadai nusu mbili zilizo sawa. Paitoni haikuona kosa lolote la kisintaksia, basi ikanyamaza. Kibaya zaidi, mstari wa 0 unabaki sahihi hata programu ikiwa imeharibika namna hii, kwa sababu kwenye kila ngazi ni kujumlisha tu. Mtu anayekagua kwa kulinganisha mstari wa 0 na jumla ya sampuli ataridhika bure. Kipimo kinachoumbua ni nishati: jumla ya miraba ya sampuli lazima ilingane na jumla ya miraba ya mistari ya spektra ikigawanywa kwa idadi yake. Yangu haikulingana. Nikaongeza mistari miwili mara baada ya sharti la `n == 1`, na tangu siku hiyo sijaiondoa:

```python
    if n % 2:
        raise ValueError("urefu si kipeo cha 2")
```

Basi urefu lazima uwe kipeo cha mbili: 128, 256, 512 na kuendelea. Kukata 200 kuwa 128 ni kutupa data, hivyo kila mtu anafanya kinyume chake, anaongeza sifuri mkiani mpaka 256. Hapo ndipo kujaza sifuri kunapoingia, na kwa kazi hiyo hakuna ubaya.

Kuna jambo moja tu la kufanya kabla. Kihisi kinasoma pia mvutano wa dunia, karibu 9.8 m/s², wakati mtikisiko wenyewe ulikuwa kama 0.4. Ukiunganisha sifuri kwenye mkia wa sampuli zinazocheza juu ya 9.8, umetengeneza genge: ishara inaporomoka ghafla kutoka 9.8 hadi 0. Poromoko hilo linamwaga nishati kwenye spektra nzima, na nilipojaribu, mawimbi ya uongo karibu na 48 Hz yalikuwa makubwa kiasi cha kushindana na pampu. Dawa ni kutoa wastani kwanza, kisha ndipo ujaze.

```python
def andaa(x, n):
    m = sum(x) / len(x)
    y = [v - m for v in x]
    return y + [0.0] * (n - len(y))
```

Baada ya hapo spektra ya mistari 256 ilikaa vizuri. Hatua kati ya mstari na mstari ilikuwa 200 kugawa kwa 256, yaani 0.78 Hz, na kilele kilisimama kwenye mstari wa 62, ambao ni 48.44 Hz. Ukizidisha kwa 60 ni mizunguko 2,906 kwa dakika. Hii iko katikati ya vibati viwili, haisemi chochote. Nikajiambia, hatua ya 0.78 ni pana mno, nahitaji hatua nyembamba zaidi. Na kwa kuwa sifuri ni za bure, nikajaza mpaka 4,096. Masomo 200 ya kweli, sifuri 3,896.

Mchoro uliotoka ulikuwa wa kupendeza. Badala ya vijiti vichache vilivyochongoka, sasa nilikuwa na kilima laini chenye ncha moja kwenye 48.25 Hz, hatua kati ya mistari ikiwa 0.049 Hz tu. Mizunguko 2,895 kwa dakika! Kibati cha namba moja kinasema 2,890. Kilele ni kimoja, basi mashine yenye shida ni moja, na ni namba moja. Niliandika taarifa ya ukurasa mmoja na mchoro wa rangi. Fundi akafungua pampu namba moja, akabadilisha beringi zote mbili. Mzee alizizungusha beringi za zamani kiganjani, akaniangalia, akasema tu, "Hizi bado zimelala vizuri, injinia." Sikumsikia, au tuseme sikutaka kumsikia.

Kesho yake asubuhi mvumo ulikuwa pale pale.

Nilirudi na kihisi, nikarekodi sekunde nyingine moja, nikajaza sifuri zile zile. Safari hii spektra ilinionyesha vilele viwili vilivyolingana urefu, kimoja 47.58 Hz na kingine 48.92. Vyote vilikuwa vifupi: kilima cha mara ya kwanza kilifika 0.72 m/s², hivi vilifika 0.26 tu. Kwa muda wa nusu saa niliamini kwamba beringi mpya zimebadilisha tabia ya mashine. Tena nilifurahi, kwa sababu nilidhani sasa nimeziona pampu zote mbili: 2,855 na 2,935.

Aliyenitoa usingizini ni mzee. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kiganja amekiweka kwenye bomba. "Unapanda kila baada ya sekunde mbili," akasema. "Nimehesabu mpaka kumi kwa saa yangu, sekunde ishirini zimeisha."

Mvumo unaopanda na kushuka hivyo ni alama ya masafa mawili yanayokaribiana. Yanapokwenda sambamba yanasaidiana, baadaye moja linapata nusu mzunguko mbele ya lingine na yanauana, kisha yanasaidiana tena. Idadi ya kupanda kwa sekunde ni tofauti ya masafa hayo. Kupanda mara moja kila sekunde mbili ni tofauti ya 0.5 Hz. Vilele vyangu viwili vilitofautiana kwa 1.34 Hz. Kama hiyo ingekuwa kweli, mvumo ungepanda kila robo tatu ya sekunde, na mzee angehesabu kama 27 katika muda ule, si kumi. Kiganja na saa ya mkononi vilikuwa vimeipiga chini spektra yenye mistari 4,096.

Hapa turudi kwenye mfano wa namba nne. Sampuli 1, 0, −1, 0 zilitoa 0, 2, 0, 2. Zijaze sifuri nne mkiani ziwe nane, uzipitishe tena. Urefu wa mistari minane inayotoka ni 0, 1.41, 2, 1.41, 0, 1.41, 2, 1.41. Angalia mistari ya 0, 2, 4 na 6: ni 0, 2, 0, 2, yale majibu ya mwanzo hayajaguswa. Kilichoongezeka ni 1.41 katikati yao. Namba hizo za katikati zimepatikana kutoka kwa sampuli nne zile zile, hakuna taarifa mpya iliyoingia. Sifuri zimefanya kazi ya kusoma mkunjo ule ule mahali pengi zaidi. Ni kama fundi cherehani aliyeongeza alama za milimita kwenye futi yake: kanga mezani ni ile ile, haijarefuka. Na angalia pia kwamba wimbi lililokuwa limesimama peke yake kwenye mstari mmoja sasa linaonekana limelala juu ya mitatu. Upana huo haukuletwa na sifuri. Ulikuwepo tangu mwanzo, mistari michache ndiyo iliyokuwa ikiuficha.

Upana wa kilele unatokana na muda uliorekodi. Rekodi ya sekunde moja inatandaza kila wimbi kuwa kilima kinachogusa chini 1 Hz kila upande. Pampu zangu mbili zilikuwa zimeachana kwa 0.5 Hz, kwa hiyo vilima vyake vilikuwa vimepandiana, na kilichochorwa ni jumla yake. Lini jumla hiyo inakuwa kilele kimoja, na lini viwili? Inategemea rekodi imeangukia wapi kwenye kupanda na kushuka kwa mvumo. Asubuhi ya kwanza katikati ya sekunde yangu iliangukia mvumo ukiwa juu, mawimbi mawili yakisaidiana. Vilima vikajumlishwa, kilele kimoja kirefu kikatokea katikati yake, 48.25, mahali ambapo hakuna pampu yoyote. Asubuhi ya pili sekunde yangu iliangukia mvumo ukiwa chini, mawimbi yakipingana. Vilima vikatoana, katikati pakachimbika shimo, na mabega mawili yaliyobaki yakajifanya vilele, yakiwa yamesukumwa mbali kupita ukweli. Nilijaribu kwenye kompyuta na mawimbi mawili ya kutengeneza, 48 na 48.5, nguvu sawa, nikibadilisha saa ya kuanza tu. Michoro yote miwili ilitoka kama nilivyoiona kwenye chumba cha pampu, urefu wa 0.72 na 0.26 ukiwemo.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kilele unachokiona ni cha kweli, chukua rekodi tatu au nne za muda ule ule na uanze kwa nyakati tofauti. Kilele cha kweli hakihami. Kikihama, au kikipanda na kushuka kwa kiasi kile, rekodi yako ni fupi. Ningefanya hivyo siku ya kwanza, beringi zisingeguswa.

Ni muda gani unatosha? Ili mawimbi yaliyoachana kwa 0.5 Hz yaanze kutengana, unahitaji angalau 1 kugawa kwa 0.5, yaani sekunde mbili, ambazo ni kupanda na kushuka kamili mara moja. Ukilifikiria hivyo halihitaji hesabu kubwa: anayesikiliza nusu tu ya mdundo hawezi kujua kama mdundo upo. Mimi nilisikiliza nusu. Na sekunde mbili ni mpaka wa chini kabisa, kwa sababu nilitaka pia kutumia dirisha la Hann, linalozipunguza sampuli taratibu kuelekea sifuri kwenye ncha zote mbili ili mikia ya kilima kimoja isifunike kingine. Dirisha hilo hutuliza mikia lakini hunenepesha kilele karibu mara mbili, kwa hiyo mpaka wa chini unakuwa sekunde nne. Nilibadilisha saketi iwe inatuma masomo moja kwa moja kwenye laptopu badala ya kuyahifadhi, nikarekodi sekunde 20.

Sekunde 20 ni masomo 4,000. Nikatoa wastani, nikapitisha dirisha, nikajaza sifuri 96 kufika 4,096. Sehemu hii ndiyo ninayopenda kuwaonyesha vijana wa kazini: urefu ni ule ule 4,096, hatua ni ile ile 0.049 Hz, programu ile ile haijaguswa hata herufi. Karatasi mbili ukiziweka mezani zina mistari sawa kabisa. Moja ina kilima kimoja kinene. Nyingine ina vilele viwili vyembamba, mstari wa 983 na mstari wa 993, na kati yao bonde linalofika karibu na chini. Mstari wa 983 ni 48.00 Hz, wa 993 ni 48.49. Tofauti ni 0.49, mzee alisema 0.5.

Mizunguko 2,880 na 2,909 basi. Tulibandika kipande cha utepe unaong'aa kwenye kila shafti na kupima kwa takometa ya mwanga: 2,880 kwa namba moja, 2,910 kwa namba mbili. Kupima huku hakukuwa mapambo. Saa ya ndani ya vihisi vya bei nafuu si ya kuaminiwa sana, na ikikosea kwa asilimia moja tu, 48 Hz inasogea karibu nusu Hz, kiasi kile kile tulichokuwa tukikitafuta. Tofauti kati ya vilele viwili haiathiriki sana na kosa hilo, ila mahali vilipo huathirika.

Kuhusu urefu wa vilele, kuna mtego ambao uliniponyoka mara moja kabla sijaukamata. Ukitaka urefu wa kilele kwa m/s², unagawanya kwa idadi ya sampuli za kweli, si kwa urefu baada ya kujaza. Kwenye rekodi yangu fupi, kugawanya kwa 4,096 badala ya 200 kungefanya mtikisiko uonekane mdogo mara ishirini. Ukitumia dirisha, gawanya kwa jumla ya uzito wa dirisha, ambayo kwa Hann ni karibu nusu ya idadi ya sampuli. Kisha zidisha kwa mbili, kwa sababu ya kile kivuli cha upande wa pili tulichokiona kwenye mfano wa namba nne. Kwa hesabu hiyo pampu zote mbili zilitoka na mtikisiko wa karibu 0.4 m/s² kila moja. Hakuna mbovu. Ni mashine mbili za kawaida zenye kutikisika kwa kawaida, zimefungwa kwenye zege moja, zinapokezana kusaidiana na kupingana.

Na ile habari ya asubuhi tu? Ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza. Asubuhi wapangaji wanaoga, tanki la juu linashuka haraka, na swichi ya kiwango inawasha pampu zote mbili. Mchana inatosha moja. Mzee alinieleza hivyo huku akizima namba mbili: mvumo ukanyooka papo hapo, ukawa mlio mmoja usiopanda wala kushuka. Jaribio la dakika moja, bila kompyuta. Nilimuuliza kwa nini hakulifanya mwanzoni. Akasema nilifika na mchoro tayari.

Niliwahi kuulizwa kwa nini basi nisirekodi dakika kumi nipate vilele vyembamba kama sindano. Nilijaribu dakika mbili, vilele vikavimba badala ya kukonda. Kasi ya mota hizi inafuata mzigo na volti. Volti ikishuka kidogo, mota inabaki nyuma kidogo, na kusogea kwa mizunguko mitatu tu kwa dakika ni mstari mzima kwenye spektra yangu. Rekodi ndefu inakusanya kasi zote zilizopita ndani ya muda huo na kuzichora kama kilima kimoja. Kwa chumba kile cha pampu, kati ya sekunde 15 na 30 ndipo palipokuwa pazuri. Nilichukua tano za sekunde 20, vilele havikuhama zaidi ya mstari mmoja.

Tulichofanya mwishowe kilikuwa cha fundi zaidi kuliko changu. Kila pampu iliinuliwa ikawekewa mipira minne chini, na vipande vifupi vya bomba la mpira vikaingizwa kati ya pampu na bomba la chuma linalopanda ukutani. Swichi ya kiwango nayo ilishushwa ili pampu ya pili iwake tanki likiwa limepungua kweli kweli. Nilirudi na kihisi, sekunde 20, sifuri 96. Vilele viwili vilikuwepo bado, mahali pale pale, vimefupika mpaka ilibidi nibadilishe kipimo cha mhimili ili vionekane.

Beringi mbili za namba moja alinikabidhi mzee kwenye mfuko wa nailoni siku ya kufunga kazi. Ziko kwenye droo yangu, zinazunguka vizuri tu.